Barua ya kuomba kibali na gari la mashindano: usiache kibali kisubiri dizeli

"Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari ya kata wilayani Korogwe na ndiye ninayesimamia michezo. Shule moja ya Tanga mjini imetualika kwenye mashindano ya ujirani mwema, mpira wa miguu na netiboli, Ijumaa hadi Jumapili mwishoni mwa Julai. Mkuu wa shule ameniambia niandae barua ya kwenda halmashauri kuomba kibali na gari. Mwaka jana tuliandika, jibu likaja mashindano yameshapita wiki nzima. Safari hii niandikeje?"

Marahaba, mwalimu. Nilikaa upande wa pili wa barua kama hiyo kwa miaka mingi, kwenye idara ya elimu ya halmashauri, kabla sijastaafu. Sijaiona barua yenu ya mwaka jana, ila naweza kukisia ilikwama wapi. Nadhani iliandikwa hivi: "tunaomba kibali na gari la kutupeleka Tanga." Sentensi hiyo moja ina maombi mawili yanayoamuliwa na watu wawili, kwa kasi mbili tofauti, na ukiyafunga kamba moja, lililo jepesi litalisubiri lililo zito.

Kibali ni suala la usalama na taaluma. Afisa Elimu Sekondari anataka kujua ni watoto gani wanakwenda, wanakwenda wapi, nani anawasimamia, watalala wapi na watakosa nini darasani. Akiridhika anamshauri Mkurugenzi, na kibali kinatoka. Hakina gharama kwa halmashauri. Gari ni habari nyingine kabisa. Hapo anaingia afisa usafirishaji, anaingia mhasibu, linaulizwa swali la kifungu cha bajeti, la dizeli, la posho ya dereva, na kama siku hiyo gari halijapangiwa ziara ya mkubwa. Sasa afisa elimu akishika barua inayosema "kibali na gari," hawezi kuandika "nakubali" kwa sababu gari si lake, wala hawezi kuandika "nakataa" kwa sababu safari yenyewe haina ubaya. Anaisogeza pembeni ya meza mpaka apate jibu la usafirishaji. Jibu la usafirishaji linakuja Ijumaa mnayotakiwa kuondoka, au haliji.

Kwa hiyo andika barua moja, lakini maombi yakae kwenye aya mbili zinazojitegemea, na aya nyingine baada ya hizo iseme mtafanya nini gari lisipopatikana. Wapo wanaoshauri kuandika barua mbili kabisa. Mimi sikupenda hivyo, kwa sababu barua mbili huishia kwenye majalada mawili na kila mshika jalada hudhani mwenzake ndiye anayejibu.

Hilo la majalada nalieleza kidogo, maana walimu wengi hawajawahi kukaa masjala. Barua yako ikifika inapigwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejesta, inafungwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio. Hata pale ambapo halmashauri inatumia mfumo wa e-Ofisi, mantiki ni ileile, isipokuwa jalada haliendi kwa miguu tena. Jalada linapanda kwa Mkurugenzi, naye anaandika maneno machache, kwa mfano "AES, shauri." Afisa elimu analipokea na kuandika dokezo. Dokezo ni sentensi tatu au nne za kumweleza bosi jambo lenyewe na kupendekeza uamuzi. Barua nzuri ni ile ambayo afisa anaweza kunakili dokezo lake kutoka ndani yake bila kupiga simu hata moja. Nilipopata barua inayosema "wanafunzi wapatao thelathini hivi," ilibidi nimtafute mkuu wa shule kwa simu, hapatikani, kesho yake nina kikao, wiki imekwisha.

Anayeamua barua inaingia jalada gani ni mtu wa masjala, naye anasoma kichwa cha habari tu. Niliwahi kupokea malalamiko ya mwalimu mmoja kwamba tumemnyima kibali kwa makusudi. Tulipoitafuta barua yake tuliikuta kwenye jalada la ustawi wa jamii, kwa sababu kichwa chake kilisomeka "MAOMBI YA MSAADA." Mtu wa masjala hakukosea. Aliona msaada, akaipeleka kwenye misaada.

Haya, hii hapa barua yenyewe. Nimeweka idadi za kikosi kinachofanana na chenu: wachezaji 16 wa mpira wa miguu wavulana, 10 wa netiboli wasichana, na walimu 3. Wewe badilisha panapohusika, na nukta ni mahali pa kujaza.

SHULE YA SEKONDARI ……………,
S.L.P. ………, KOROGWE.

Kumb. Na. ……………
22 Juni 2026

Mkurugenzi Mtendaji (W),
Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe,
S.L.P. ………,
KOROGWE.

K.K. Afisa Elimu Kata,
Kata ya ……………

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA WANAFUNZI 26 KUSHIRIKI MASHINDANO YA MICHEZO JIJINI TANGA TAREHE 24 – 26 JULAI 2026, PAMOJA NA USAFIRI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Shule yetu imealikwa na Shule ya Sekondari …………… ya Jijini Tanga kushiriki mashindano ya ujirani mwema ya mpira wa miguu (wavulana) na netiboli (wasichana), kwa barua yenye Kumb. Na. …………… ya tarehe …………… ambayo nakala yake imeambatishwa.

3. Naomba kibali cha wanafunzi 26 (wavulana 16, wasichana 10) na walimu 3, akiwemo mwalimu wa kike mmoja, kusafiri na kushiriki mashindano hayo. Msafara utaondoka shuleni Ijumaa tarehe 24 Julai 2026 saa 3:00 asubuhi na kurejea Jumapili tarehe 26 Julai 2026 kabla ya saa 11:00 jioni. Wanafunzi watalala kwenye mabweni ya shule mwenyeji, wavulana na wasichana katika majengo tofauti. Watakosa vipindi vya siku moja ya masomo, ambavyo vitafidiwa Jumamosi tarehe 1 Agosti 2026. Wazazi wa wanafunzi wote wameridhia kwa maandishi.

4. Sambamba na kibali hicho, naomba shule ipatiwe gari la abiria lenye viti visivyopungua 29, pamoja na dereva na mafuta. Umbali wa kwenda na kurudi ni takriban kilomita 200, na mizunguko ya ndani ya jiji inakadiriwa kuwa kilomita 30.

5. Endapo gari au mafuta havitapatikana, naomba kibali kilichoombwa katika aya ya 3 kitolewe ili shule isafiri kwa gari la kukodi litakalokaguliwa na Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, kwa gharama zilizoridhiwa na kikao cha wazazi cha tarehe …………… (muhtasari umeambatishwa).

6. Ili kuruhusu maandalizi, nitashukuru kupata majibu yako ifikapo tarehe 10 Julai 2026.

7. Naomba kuwasilisha.

(Sahihi, jina na muhuri)
MKUU WA SHULE

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule.
Mkuu wa Shule, Shule ya Sekondari …………… (mwenyeji).

Ndiyo barua yote, na inaenea kwenye ukurasa mmoja ukiipanga vizuri. Usiongeze aya ya kueleza kwamba michezo ni afya na ajira. Afisa elimu analijua hilo, na kila mstari unaoongeza unamchelewesha kuifikia aya ya tatu.

Sasa nikueleze sababu ya baadhi ya maneno yaliyomo.

Anwani kwanza, kwa sababu Korogwe ina mtego wake. Kuna Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe na kuna Halmashauri ya Mji wa Korogwe, wakurugenzi wawili tofauti. Barua ikienda kwa asiye mwenye shule inarudi, na kurudi kwake si kwa siku moja. Barua inaandikwa kwa Mkurugenzi hata kama unajua atakayeishughulikia ni afisa elimu, kwa sababu Mkurugenzi ndiye mwenye watumishi, ndiye mwenye magari. Anayesaini ni mkuu wa shule, si wewe. Wewe ni mwandaaji tu, na jina lako litaonekana kwenye orodha ya wasimamizi. Na ipite kweli kwa Afisa Elimu Kata, apige muhuri na aandike maoni yake pale "K.K.", yaani kupitia kwake. Akiandika "napendekeza" amekupunguzia nusu ya safari. Ukimruka, jambo la kwanza litakaloulizwa juu ni "AEK anajua?"

Mashindano yenu yako ndani ya Mkoa wa Tanga, kwa hiyo barua inaishia kwa Mkurugenzi. Siku mkialikwa Moshi au Morogoro, bado mtamwandikia Mkurugenzi wenu. Ofisi yake ndiyo itakayoandika mkoani. Mkuu wa shule hamrukii Mkurugenzi na kumwandikia Katibu Tawala wa Mkoa. Safari ya namna hiyo iongezee wiki mbili za karatasi.

Liko pia suala la aina ya mashindano. UMISSETA ina ratiba yake inayoshuka kutoka TAMISEMI, na halmashauri huwa imeipangia fedha tangu kwenye bajeti. Ujirani mwema haumo humo. Ndiyo maana nimeandika wazi "ujirani mwema" na kuambatisha mwaliko. Mwalimu mmoja alidhani akiandika "mashindano ya UMISSETA" atapata gari haraka. Afisa michezo aliangalia ratiba, hakuiona safari hiyo, na tangu hapo kila barua ya shule ile ilisomwa mara mbili.

Aya ya tatu ndiyo roho ya kibali. Idadi iwe kamili, na ilingane na orodha utakayoambatisha: jina, kidato, jinsi, na simu ya mzazi. Tafuta mapema kama kuna wa kidato cha pili au cha nne ndani ya kikosi, kwa maana afisa taaluma ataangalia hilo kabla ya kitu kingine. Mitihani yao ya taifa iko mwishoni mwa mwaka na Julai wengi wanakuwa kwenye majaribio. Ikiwa wapo, usiwafiche. Eleza vipindi vitafidiwa lini, kwa tarehe. "Vitafidiwa baadaye" ni maneno ambayo hakuna afisa aliyewahi kuyaamini.

Mwalimu wa kike asikosekane pale ambapo kuna wasichana wanaolala nje. Hapo sikuwahi kuona kibali kikitoka bila yeye, na sikuwahi kutamani kitoke. Ukosefu wake ukiugundua siku mbili kabla ya safari, tatizo si barua tena.

Na saa za safari. Korogwe hadi Tanga kwa njia ya Segera na Muheza ni kama kilomita 100, lami tupu, saa mbili hivi kwa basi dogo linalotii vibao. Nimeandika kurejea kabla ya saa 11:00 jioni kwa sababu gari la serikali halitakiwi kuwa barabarani baada ya saa 12:00 jioni bila kibali maalumu, na kwa sababu hakuna anayetaka kusaini karatasi inayowaweka watoto barabarani gizani. Hapa usione ofisi inakusumbua. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha, waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa pamoja na wenzao wa shule nyingine, lilitumbukia korongoni pale Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Ilikuwa safari ya shule kwa shule, asubuhi, kama hii yenu. Kila afisa elimu aliyekuwa kazini mwaka ule anaikumbuka anaposhika kalamu. Panga fainali iishe mapema Jumapili, na kama mwenyeji ameiweka saa 10 alasiri, mwandikieni aisogeze kabla ninyi hamjaomba kibali.

Tuje kwenye gari, ambako ndiko kwenye hesabu. Kusema "tunaomba usafiri" ni kumwachia afisa usafirishaji afanye hesabu zako. Fanya mwenyewe. Kwenda na kurudi kilomita 200, ongeza 30 za kutoka bwenini kwenda uwanjani na kurudi kwa siku tatu, jumla 230. Kosta ya dizeli iliyokwishatumika nilikuwa naikadiria lita moja kwa kilomita 5. Ikiwa nzima itakwenda zaidi ya hapo, lakini hesabu ya ombi iwe ya gari lililopo na siyo la dukani. 230 gawa kwa 5 ni lita 46, omba 50. Bei usiibuni: chukua bei kikomo ya dizeli kwa eneo lenu inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Karatasi hiyo ya hesabu iambatishe. Haina haja ya kuwa ndani ya barua.

Kitu ambacho walimu husahau ni dereva. Dereva wa halmashauri akilala nje ya kituo chake cha kazi analipwa posho ya kujikimu, na usiku mbili za Tanga ni posho mbili. Mara nyingi posho ndiyo inayoangusha ombi, siyo mafuta, na mwalimu anabaki kushangaa kwa nini lita 50 tu zimeshindikana. Kuna njia ya kuizunguka: gari liwapeleke Ijumaa, lirudi Korogwe siku ileile, kisha liwafuate Jumapili. Dereva halali nje. Lakini hapo gari limekwenda Tanga mara mbili, kilomita 400, sawa na lita 80, na mizunguko ya mjini mtajitegemea. Kwa hiyo unalinganisha nyongeza ya lita 34 za dizeli na posho ya usiku mbili. Kwa umbali wa kilomita 100, kwenda na kurudi mara mbili huwa nafuu. Kwa safari ya kilomita 300 hesabu inageuka. Andika njia zote mbili kwenye karatasi ya hesabu, mwache afisa achague. Mtu aliyepewa machaguo mawili yenye namba huchagua. Aliyepewa ombi moja lisilo na namba huahirisha.

Pia uwe mkweli na nafsi yako kuhusu gari lenyewe. Halmashauri nyingi zina Lendikruza na piki-apu zenye namba za SM, labda na lori la taka. Basi la abiria ni nadra. Kabla ya kuandika, nenda muulize afisa usafirishaji kwa mdomo kama lipo gari la viti 29 na kama linatembea. Akisema halipo, aya ya nne ibadilishe iombe mafuta tu, ya kuweka kwenye gari la kukodi au la shule jirani, ambayo ni ombi jepesi zaidi. Usikubali lori wala piki-apu kwa sababu tu imetolewa bure. Kizazi chetu tulikwenda mashindanoni tumesimama nyuma ya malori tukiimba njia nzima, na tulirudi salama kwa bahati, si kwa mpango. Watoto 26 wanahitaji viti 26, na wasimamizi viti vyao 3. Zile jezi, mipira na magodoro zikae chini ya viti au kwenye keria, siyo kwenye mapaja ya watoto.

Tarehe yenu ya Julai ina ugumu wake mwingine. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni. Mwezi Juni wahasibu wanafunga hesabu na hawataki kusikia ombi jipya, na mwanzoni mwa Julai vifungu vya mwaka mpya mara nyingi bado havijafunguka. Kwa hiyo hata afisa mwenye nia njema anaweza kukosa senti ya kukupa tarehe 10 Julai. Ndiyo sababu aya ya tano ipo, na ndiyo sababu nimeiandika kwa kurejea namba ya aya ya tatu. Inamwezesha Mkurugenzi kuandika mstari mmoja: "Aya ya 3 imekubaliwa, ya 4 haiwezekani kwa sasa, waendelee na ya 5." Mwaka jana hamkumpa nafasi ya kuandika hivyo.

Lakini aya ya tano haisimami bila muhtasari wa kikao. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mchango wowote unaotoka kwa mzazi unaangaliwa kwa jicho kali, na ni sawa. Uwe wa hiari, uwe umejadiliwa na kuridhiwa kikaoni, na mtoto ambaye mzazi wake hana asiachwe shuleni wala asirudishwe nyumbani. Kama mchezaji wenu bora wa netiboli hana nauli, tafuteni fungu lake mapema na msimtangaze. Muhtasari uwe na sahihi na mahudhurio. Ujumbe wa kundi la wazazi la Watsapu haujawahi kuwa muhtasari.

Kwa gari la kukodi, usiridhike na neno la mwenye gari. Daladala ya Kosta ina leseni ya LATRA ya njia yake. Ikienda nje ya njia hiyo inahitaji kibali cha kukodiwa, na gharama ya kibali ikae kwenye makubaliano yenu, isije ikazuka asubuhi ya safari. Tazama bima haijaisha na leseni ya dereva ni ya daraja la C la kubeba abiria, siyo D ya gari dogo. Lipelekeni kwa trafiki likaguliwe siku moja kabla, Alhamisi, siyo Ijumaa saa 2 watoto wakiwa wamejipanga na mabegi, maana gari likikutwa na tairi kipara siku hiyo mtashawishika kuliacha lipite.

Kuhusu kufuatilia. Peleka barua mwenyewe na nakala ya pili, nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Baada ya siku tano za kazi nenda masjala na uulize swali moja: jalada liko kwa nani? Usiulize "barua yangu imefikia wapi," utajibiwa "inashughulikiwa," na hilo si jibu. Ukiambiwa liko kwa Mkurugenzi, subiri. Liko kwa afisa elimu, nenda kamwone. Huenda anakosa kitu kidogo tu, mara nyingi orodha ya majina au ridhaa ya wazazi. Liko kwa afisa usafirishaji na ni wiki ya pili sasa, hapo ndipo unapomkumbusha afisa elimu kwa heshima kwamba aya ya 3 haihitaji gari. Mkumbushe kwa kutaja folio, siyo kwa kulalamika.

Kibali kikitoka kisome kabla hujashangilia. Angalia tarehe, idadi na masharti. Ikiwa kimesema wanafunzi 26, wa 27 haendi, hata akiwa golikipa wa akiba na mama yake amekuja kukuomba. Nakala moja ikae kwa dereva, moja kwako, moja ibaki shuleni. Askari akiwasimamisha Segera atataka kuona karatasi, hatataka hadithi.

Mkirudi kazini Jumatatu, kama mlipewa fedha za masurufu au mafuta, peleka marejesho ndani ya wiki hiyo: risiti ya EFD ya dizeli, nakala ya ukurasa wa kitabu cha safari cha gari, na taarifa ya ukurasa mmoja. Waliokwenda wangapi, waliorudi wangapi, aliyeumia nani na alitibiwa wapi, matokeo, kilomita zilizotembea kwa mita ya gari. Kama mita inasema 221 badala ya 230 zenu, andika 221. Barua ya taarifa iwe na Kumb. Na. ileile ya barua ya maombi ili mtu wa masjala aifunge kwenye jalada lilelile, folio inayofuata.